Diski ya nje haionekani kwenye Mac? Usibonyeze Initialize

Kwanza fungua Finder, nenda Settings, General, uhakikishe External disks ina tiki. Mara nyingi diski ni nzima, ila ikoni yake imefichwa tu.

Isipotokea, fungua Disk Utility kisha chagua View, Show All Devices. Bila hatua hiyo utaona tu sehemu zenye data, si diski yenyewe. Jina likiwa limefifia, bonyeza Mount. Ikikataa, endesha First Aid kuanzia chini kwenda juu: kwanza sehemu yenye data, halafu Container, mwisho diski yenyewe. Ikishindwa kurekebisha, nakili data mapema kabla ya jaribio jingine.

Lakini angalia pia fomati. APFS, fomati ya diski ya Apple, ilikuja rasmi na toleo la macOS High Sierra mwaka 2017. Ukichomeka diski ya APFS kwenye Mac yenye toleo la zamani la El Capitan, itakuambia diski haisomeki na kukupa kitufe cha Initialize, ambacho ni njia ya kuifomati upya na kupoteza data. Diski haijaharibika, mfumo ni wa zamani. Bonyeza Eject, uifungulie kwenye Mac mpya zaidi. Diski inayozunguka kati ya Mac za zamani na mpya ifomatiwe Mac OS Extended (Journaled), ambayo zote husoma.