Pampu inazunguka lakini haipandishi maji: jinsi ya kukamata mahali hewa inapoingilia

Naandika hili mara moja ili nikiulizwa tena niwe naelekeza huku. Kila wiki lazima atokee mtu: "Mkuu, pampu inanguruma vizuri tu ila maji hayaji, ninunue nyingine?" Usinunue. Mara nyingi pampu haina kosa, bomba la kuvutia ndilo linakula hewa.

Nazungumzia zile pampu za umeme za jeti tunazofunga majumbani, 1 HP, bomba la inchi moja, zikivuta kutoka tangi la chini ya ardhi au kisima kifupi kupeleka tangi la juu. Zinaitwa za kujivutia zenyewe, na jina hilo limewaponza wengi. Pampu hii haivuti ikiwa kavu. Lazima tumbo lake liwe na maji. Inayachanganya na hewa ya kwenye bomba, inaitema hewa upande wa kutolea, inarudisha maji tumboni, inachukua hewa nyingine. Inaendelea hivyo mpaka maji ya chini yapande. Sasa kama bombani kuna tundu linaloingiza hewa kwa kasi ileile pampu inayoitoa, itazunguka hadi kesho.

Kinachowapoteza mafundi wengi ni kwamba tundu hilo halidondoshi maji. Pampu ikifanya kazi, ndani ya bomba la kuvutia mkandamizo uko chini kuliko wa hewa ya nje, kwa hiyo hewa inaingia na maji hayatoki. Ukizima, maji yanarudi chini kimyakimya. Utapapasa bomba zima ukute limekauka, useme "halivuji". Linavuja, ila kuelekea ndani.

Hatua ya 1. Zima umeme, fungua kizibo cha juu, jaza maji mpaka yafurike, funga.

Hatua ya 2. Fungua koki ya upande wa kutolea. Kama bomba linalopanda limejaa maji na lina valvu ya kuzuia yasirudi, hewa haina pa kutokea, maana pampu yenye hewa haina nguvu ya kuisukuma valvu hiyo. Legeza kizibo au fungua kibomba cha pembeni hewa itoke kwanza.

Hatua ya 3. Tenganisha pampu na bomba. Fungua yunioni ya kuvutia, funga kipande kifupi cha hosi ngumu isiyosinyaa, ncha yake iingie kwenye ndoo ya maji iliyo chini kidogo ya pampu. Jaza tumbo, washa. Ikivuta ndani ya dakika mbili tatu, pampu ni nzima na kosa liko bombani. Isipovuta, angalia maungio ya pampu na mota: kama panadondosha maji, sili ya shafti imekwisha. Kama hapadondoshi, fungua uangalie impela na kijitundu cha jeti, mchanga au kipande cha plastiki hukwama hapo. Watu huruka hatua hii halafu wanafukua bomba zima bure.

Hatua ya 4. Geuza mkandamizo. Chukua hosi kutoka tangi la juu, iunge kwenye bomba la kuvutia pale ulipofungua yunioni, fungulia maji taratibu. Futi valvu, ile ya ncha ya chini ya bomba inayozuia maji yasirudi, itajifunga yenyewe na bomba lote litakandamizwa kutoka ndani. Tangi likiwa na urefu wa mita 6 juu ya bomba unapata takriban baa 0.6. Kama pampu yako huinua maji mita 3, mvuto wake ni kama baa 0.3 tu, kwa hiyo jaribio hili ni kali mara mbili ya kazi ya kila siku. Kausha bomba kwa kitambaa, kisha zungushia kila ungio kipande cha gazeti kavu. Nenda kanywe chai. Ukirudi, gazeti lililoloa ndilo jibu lako. Kama unasikia maji yanatiririka tangini huku koki iko wazi, futi valvu haishiki.

Kuna nyumba moja Goba walishabadilisha pampu na bado wakawa wanalalamika: tangi la chini likijaa inavuta, likishuka nusu inagoma. Hiyo peke yake ni dalili. Tangi likijaa maji yalikuwa mita 1 hivi chini ya pampu. Likishuka ilibidi ivute karibu mita 3. Kadiri unavyovuta kutoka chini zaidi ndivyo mvuto bombani unavyokuwa mkali, na tundu lilelile linaingiza hewa nyingi zaidi. Tulipopima kwa gazeti, maungio ya gundi yote yalikuwa makavu. Lililoloa lilikuwa la kwenye yunioni, upande wa chini, alama ndogo kama sarafu. Tulipofungua, oringi ilikuwa na punje ya mchanga imeibana. Tuliosha, tukaweka oringi mpya, tukakaza kwa mkono. Ikavuta hadi tangi likakaribia kwisha.

Hatua ya 5. Kukaza. Hapa nisikilizeni, maana na mimi niliwahi kuharibu. Mdomo wa pampu ni wa chuma, adapta inayoingia ni ya plastiki. Ukizungushia tredi tepu nyingi halafu ukabana kwa spana ya bomba, plastiki haikwambii kitu: inachanika mstari mwembamba kama unywele, na hewa inaingia vizuri kuliko mwanzo. Zungusha tepu kufuata upande unaokazia ili isijikunje, mizunguko michache inayojaza tredi bila kuzifukia, kaza kwa mkono mpaka igome, halafu robo au nusu mzunguko kwa spana. Basi. Usirudishe nyuma ili kunyoosha elbo. Ukirudisha umeshaachia tepu, ifungue na uanze upya.

Onyo jingine: usiiache pampu izunguke bila kuvuta "labda itakamata". Maji ya tumboni ni yaleyale yanazunguka, yanachemka. PVC haitakiwi kufika nyuzi joto 60. Ikifika hapo adapta inalainika na tredi zinapoteza umbo, sili nayo inaungua. Ulianza na tundu moja, sasa unayo mawili na pampu mbovu. Ukigusa tumbo likakuchoma, zima na uache lipoe kabla ya kufungua kizibo, maji yale yanaunguza.

Hatua ya 6. Gazeti likiwa kavu kote na bado inagoma, rudisha bomba, jaza maji, washa, kisha paka grisi nzito kuzunguka ungio moja baada ya jingine. Ukifika penye tundu, mvuto unaifyonza grisi na pampu inabadilisha sauti, inakuwa nzito, maji yanakuja. Kuna oringi na mipira ambayo hushika ikisukumwa kutoka ndani lakini huachia ikivutwa, hizo utazikamata kwa njia hii. Grisi ni ya kutafutia tu, ukishapaona parekebishe.

MASWALI

Kijana wa Mbagala: Mkuu somo zuri. Yangu haivuti, nifanyeje?

Mwandishi: Hatua ya 3. Umeifanya?

Kijana wa Mbagala: Bado, nilitaka kujua kwanza kama ni kapasita.

Mwandishi: Kapasita ikifa mota haianzi vizuri, inaunguruma papo hapo. Yako inazunguka? Basi ndoo na hosi, halafu urudi.

Mama Bustani: Shikamoo fundi. Yangu nikiijaza asubuhi inavuta vizuri siku nzima, maji safi bila mapovu. Kesho yake lazima nijaze tena. Na hii ni hewa?

Mwandishi: Marahaba mama. Umeeleza vizuri, nashukuru. Kama ikishavuta haitemi mapovu wala kukohoa, mshuku kwanza futi valvu: usiku inaachia maji yanarudi tangini. Ipandishe uangalie ule mpira wake, mara nyingi kuna jani au uchafu umekaa hapo. Ioshe, ishike wima na umimine maji kwa juu, yakishuka, badilisha. Wakati wa kuirudisha, ikae angalau sentimita 30 chini ya maji na isiguse sakafu, la sivyo itafyonza tope, au maji yakipungua yatazunguka juu yake na kuingiza hewa.

Fundi Kalongo: Mambo mengi ya nini. Paka silikoni maungio yote, kwisha kazi. Mimi nafanya hivyo miaka yote.

Mwandishi: Na wateja wako wananipigia mimi. Silikoni juu ya bomba lenye unyevu haishiki, na ikishakauka fundi anayefuata hajui ungio lipi lilikuwa bovu.

Fundi Kalongo: Maneno tu hayo.

Mwandishi: Haya.

Mkulima wa Njombe: Nimefanya hatua zote. Ndoo inavuta, gazeti kavu, grisi hakuna kitu. Kisima changu maji yako kama mita 7 chini ya pampu. Kibandiko kinasema mita 8.

Mwandishi: Swali zuri kabisa. Kinachopandisha maji ni uzito wa hewa unaoyasukuma kutoka chini, pampu inaondoa tu kizuizi. Usawa wa bahari hewa inaweza kusimamisha maji kama mita 10.3 kinadharia, na kazini unapata 7 au 8. Kila ukipanda mita 1,000 unapoteza kama mita 1 na kidogo. Huko kwenu ni karibu mita 2,000 juu ya bahari, toa mita 2 kwenye ile 8 ya kibandiko. Yako haina tundu, imefika mwisho wake. Ishushe pampu karibu na maji, au weka ya kuzamisha. Funga geji ya mvuto kwenye bomba kabla ya pampu: ikisoma juu sana na maji hayaji, ni kina au kuziba, ikisoma chini na sindano inachezacheza, ni hewa.

Mkulima wa Njombe: Nimeelewa. Nikichimba kijishimo pembeni niishushe mita 2 itatosha?

Mwandishi: Itabaki mita 5, itavuta. Jenga ukingo mvua isiingie kwenye mota, na umeme wake uwe na kikata cha usalama.

Juma Bomba: Bomba langu linapita juu ya ukuta halafu linashuka kwenye pampu. Ina shida?

Mwandishi: Ina. Hapo juu hewa inajikusanya na haitoki, utadhani kuna tundu. Bomba la kuvutia lipande taratibu kuelekea pampu, lisiwe na nundu popote.

Kijana wa Mbagala: Nimerudi. Ndoo imevuta.

Mwandishi: Safi. Sasa gazeti.

Mama Bustani: Fundi, mpira ulikuwa na kipande cha nailoni! Na hiyo floti ya kuzima pampu maji yakiisha chini, ni ya kununua?

Mwandishi: Nunua mama. Ifunge kwenye tangi la chini, izime maji yakiwa bado yameifunika futi valvu kwa shibri moja na zaidi. Angalia waya wake usishikane na bomba, ikinasa itaganda ikiwa imewasha.