Somo: Kuifunga bei aliyoiona mteja kabla malipo hayajakamilika

Mteja ameona sufuria mbili za shilingi 1,450 kila moja, jumla 2,900, akabofya "Lipa". Ombi la M-Pesa limefika kwenye simu yake, na wakati anatafuta miwani ili aingize PIN, mwenye duka anapandisha bei hadi 1,600. Jibu la malipo linarudi na 2,900, lakini programu inakokotoa jumla upya kutoka jedwali la bidhaa, inapata 3,200, na oda inasimamishwa kwa kupungukiwa shilingi 300 ambazo mteja hakuwahi kudaiwa.

Hatua ya 1. Lipe jedwali la bidhaa zilizoagizwa safu yake ya bei. Kapu liendelee kufuata katalogi. Oda isiifuate tena.

Hatua ya 2. Mteja anapobofya, bei aliyoonyeshwa irudi pamoja na fomu, si ili iaminiwe, maana kivinjari huchezewa, bali ili seva iilinganishe na bei ya wakati huo.

```sql
INSERT INTO order_items (order_id, product_id, qty, unit_price)
SELECT 812, id, 2, price FROM products
WHERE id = 17 AND price = 1450;
```

Sharti la mwisho ndilo lenye kazi. Mstari mmoja ukiingia, bei imefungwa. Usipoingia wowote, bei ilibadilika kabla ya kubofya: usitume ombi la malipo, bali mwonyeshe mteja bei mpya aamue mwenyewe. Oda yenye bidhaa kadhaa iandikwe ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata, ili moja ikikataliwa zote zirudishwe.

Hatua ya 3. Tuma ombi kwa jumla ya oda, uhifadhi `CheckoutRequestID` iliyorudishwa. Jibu likija na `ResultCode` 0, itafute oda kwa kitambulisho hicho na ulinganishe `Amount` na jumla ya oda peke yake.

Hatua ya 4. Weka ukomo, mimi hutumia dakika 15. Ukomo huo uzuie kutuma ombi jipya, usikatae fedha za ombi lililotumwa ndani ya muda, hata jibu lake likichelewa.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mteja akikosea PIN na kujaribu tena, nifungue oda mpya?*
Hapana, ikiwa muda haujaisha. Oda ni ileile na bei ni ileile. Kinachobadilika ni `CheckoutRequestID`, kwa hiyo hifadhi zote mbili, usiifute ya kwanza.

*Na bei ikishuka baada ya kufungwa?*
Kanuni ni hiyohiyo: anadaiwa alichokubali. Duka likitaka kumpunguzia, oda ya kwanza ifutwe kabla hajalipa na nyingine iandikwe. Bei iliyofungwa isihaririwe kimyakimya.

*Nitajuaje kama duka langu tayari lina kasoro hii?*
Badilisha bei ya bidhaa moja kwenye mfumo wa majaribio, kisha fungua risiti ya zamani ya bidhaa hiyo. Jumla yake ikibadilika, oda zako bado zinasoma katalogi.