SOMO: Jinsi ya kuandika tangazo la losheni bila kuahidi tiba

Wakuu, kila wiki naletewa matangazo ya vipodozi niyapitie, na kila wiki narudia majibu yaleyale. Leo nayaandika mara moja. Nitatumia tangazo moja tu, nililoletewa na mwenzetu aliyeniruhusu kulitumia bila kumtaja. Lilisomeka hivi:

"Losheni ya asili asilimia 100, haina kemikali! Inaponya ukurutu na chunusi, inafuta madoa yote ndani ya siku 7. Salama kwa kila ngozi. Imethibitishwa na madaktari."

Hatua ya 1. Weka fomula mezani. Yake ilikuwa na maji, gliserini asilimia 7, siagi ya shea, niasinamaidi asilimia 1, kiunganishi cha maji na mafuta, na kihifadhi.

Hatua ya 2. Pigia mstari kila dai. Jina la bidhaa ni dai, picha ni dai, hata alama ya reli chini ya tangazo ni dai.

Hatua ya 3. Toa majina ya magonjwa na vitenzi vya tiba. Ukurutu, chunusi, fangasi, mba, kuponya, kutibu, kuzuia maambukizi, kuua bakteria: vyote vitoke. Sheria ya Marekani ya mwaka 1938 inaeleza mpaka huu vizuri, na nchi nyingi zinafuata mantiki inayofanana nayo. Kinachokusudiwa kusafisha, kupendezesha au kubadili mwonekano ni kipodozi. Kinachokusudiwa kutibu au kuzuia ugonjwa, au kubadili namna mwili unavyofanya kazi, ni dawa. Kusudio lenyewe linasomwa kwenye maneno yako. Losheni ileile, kopo lilelile, inageuka dawa isiyosajiliwa siku unapoandika "inaponya ukurutu". Kuweka "hii si dawa" kwa herufi ndogo chini hakufuti ulichokisema juu kwa herufi kubwa.

Hatua ya 4. Hamisha dai kutoka kwenye ugonjwa kwenda kwenye kinachoonekana na kuguswa: ukavu, mpauko, ulaini, mng'ao. Ila usilifanye neno "mwonekano" kuwa hirizi. "Inapunguza mwonekano wa madoa" bado ni dai, na bado linadaiwa ushahidi.

Hatua ya 5. Linganisha dai na ushahidi, kiasi kwa kiasi. Mwenzetu aliniambia, "Lakini niasinamaidi inapunguza madoa, nimesoma." Ni kweli, imefanyiwa utafiti. Upo uliochapishwa mwaka 2002 ambamo krimu ilikuwa na asilimia 5 ya niasinamaidi, na tofauti dhidi ya krimu isiyokuwa nayo ilipimwa baada ya wiki 4. Yeye anaweka asilimia 1 na anaahidi siku 7. Utafiti ule haumsaidii: kiasi si kile, muda si ule, na krimu si yake. Kiungo kikiwa na sifa, sifa hiyo haihamii kwenye kopo lako kwa sababu tu kimeandikwa kwenye lebo. Kwa hiyo dai la madoa tulilifuta lote.

Akaniuliza, sasa nimebaki na nini? Amebaki na gliserini, na hicho si kidogo. Gliserini huvuta maji na kuyashika kwenye tabaka la juu kabisa la ngozi, na siagi ya shea hupunguza kasi ya maji hayo kupotea hewani. Mtu akipaka kwenye goti lililopauka, anaona tofauti palepale alipo. Ahadi ambayo mnunuzi anaweza kuihakiki mwenyewe kwa macho yake ndiyo inayouza, kwa sababu akifungua kopo anaikuta.

Hatua ya 6. Ushuhuda wa wateja. Hapa niliharibu, kwa hiyo naomba msome polepole.

Mwaka wa pili wa biashara yangu, mteja aliniandikia kwamba ukurutu wa mwanawe umepona tangu aanze kutumia losheni yangu. Nilifurahi sana. Nikapiga picha ya ujumbe ule, nikaubandika kwenye ukurasa wangu. Nilijiambia kwamba mimi sijasema chochote, aliyesema ni mteja. Baada ya wiki kadhaa mama mwingine akanitumia picha ya mkono wa mtoto wake. Ngozi ya mkunjo wa kiwiko ilikuwa imechanika na inatoa majimaji yaliyogandia ya rangi ya njano. Alikuwa ameacha krimu aliyoandikiwa hospitali kwa sababu ya ule ujumbe nilioubandika. Nikamsihi arudi hospitali siku ileile. Kisha nikamtafuta yule mteja wa kwanza na kumuuliza maswali ambayo nilipaswa kumuuliza mwanzo. Akaniambia alikuwa akimpaka mtoto dawa ya hospitali pia, asubuhi na jioni, na losheni yangu juu yake.

Nilichojifunza ni hiki. Ukiubandika ushuhuda, umekuwa wako. Ukimpa mtu zawadi ili aseme, sema kwamba umempa. Usichukue ushuhuda unaotaja ugonjwa hata kama mteja ameuandika kwa moyo safi, maana ukurutu huja na kuondoka wenyewe na hujui kingine anachotumia. Muulize kwanza alikuwa akipaka nini kingine na kwa muda gani. Na kama sehemu moja ya ujumbe wake inafaa ("hainati kwenye nguo"), mwombe ruhusa ya kutumia sehemu hiyo tu, bila kubadili maana yake. Ukikuta mteja ameandika "imeniponya" kwenye maoni, usimshukuru ukapita. Jibu hapohapo kwamba losheni haitibu na kwamba asiache dawa yake.

Hatua ya 7. Picha za kabla na baada: mwanga uleule, pembe ileile, umbali uleule, hakuna vipodozi wala kichujio, na andika muda uliopita kati yake. Ngozi iliyopakwa dakika moja iliyopita inang'aa kwa sababu ina mafuta juu yake, usiiite matokeo ya mwezi.

Hatua ya 8. Mpe mtu asiyeijua bidhaa asome mara moja, mnyang'anye, kisha muulize: "Limekuahidi nini?" Akikujibu kitu ambacho huwezi kukithibitisha, tatizo ni tangazo, hata kama kila sentensi peke yake ni kweli.

Tangazo letu lilimalizikia hapa:

"Losheni ya mwili kwa ngozi kavu inayopauka. Ina gliserini asilimia 7, inayoshika maji kwenye tabaka la juu la ngozi, pamoja na siagi ya shea. Paka mara tu utokapo kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Mpauko wa magoti na viwiko unapungua papo hapo, na mkono unateleza. Haijawekwa manukato. Ijaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono. Kama una ugonjwa wa ngozi, endelea na matibabu yako na umuulize anayekutibu kabla ya kuitumia."

Kila neno hapo anaweza kulisimamia.

— MASWALI —

Mpakaji: Mkuu, je nikiandika "matokeo hutofautiana" naweza kubaki na ahadi ya siku 7?

Hapana. Soma Hatua ya 3, sentensi ya mwisho. Ni jambo lilelile.

Binti_Shea: Shikamoo mwalimu. Hujaeleza kwa nini uliondoa "haina kemikali" na "asilia". Shea yangu kweli ni ya asili.

Marahaba dada, umeuliza vizuri, nilipita haraka. Maji ni kemikali, gliserini ni kemikali, kwa hiyo "haina kemikali" si kweli kwa kopo lolote. "Asilia" ina tatizo jingine: msomaji anaelewa "haiwezi kunidhuru". Mafuta ya ganda la limau ni ya asili, na harufu yake inatokana na viambato vinavyowasha baadhi ya ngozi. Andika kitu chenyewe: "shea isiyosafishwa, ndiyo maana ina rangi ya manjano na harufu ya karanga." Hapo mnunuzi amejua atakachonusa, na hatarudi kulalamika kwamba losheni imeharibika.

Duka_la_Urembo: Wenzetu wote wanaandika siku 3. Wewe unatufundisha kufunga biashara.

Sikufundishi kufunga. Aliyeahidiwa siku 3 siku ya nne anadai pesa yake au anaenda kununua kwingine. Na anayeng'arisha ngozi kwa siku 3, jiulize ameweka nini. Zebaki na steroidi zimekutwa kwenye krimu za aina hiyo mara nyingi. Usishindane naye kwa maneno.

Fundi_Krimu: Nimeongeza zinki oksaidi asilimia 10 kwenye krimu ya uso. Naweza kuandika namba ya SPF niliyokokotoa?

Usiandike, kaka, na nashukuru umeuliza kabla. Namba hiyo haipatikani kwa hesabu. Inapimwa kwa bidhaa iliyokamilika, kwenye ngozi za watu, maabara, na utaratibu wa kimataifa unaotumika sana ni ISO 24444. Sababu ni kwamba zinki ikijikusanya madonge, baadhi ya maeneo ya ngozi yanabaki wazi. Krimu mbili zenye asilimia ileile zinaweza kutoa namba tofauti kabisa. Bila kipimo, usiandike hata "inakinga jua", maana mtu atakaa juani akikuamini. Marekani kinga ya jua inahesabiwa kuwa dawa, siyo kipodozi.

Nuru_2: Na "imethibitishwa na madaktari" umeifuta kimya kimya. Mimi daktari kweli alijaribu yangu.

Daktari mmoja kupaka si jaribio. Kama alisimamia jaribio, sema lilikuwa la watu wangapi, siku ngapi, na lilipima nini.

Nuru_2: Alisimamia watu 30, wiki 4. Tuliwauliza kama ngozi imekuwa laini. 24 walisema ndiyo.

Basi una kitu kizuri! Andika hivyohivyo: "Watu 24 kati ya 30 walisema ngozi yao imekuwa laini baada ya wiki 4." Hayo ni maoni yao, kwa hiyo usiyageuze kuwa "ulaini uliongezeka kwa asilimia 80", maana hukupima ulaini. Mliulizaje swali?

Nuru_2: "Je, umependa jinsi ngozi yako ilivyokuwa laini?"

Swali hilo limeshabeba jibu. Siku nyingine uliza, "Ngozi yako sasa ikoje ukilinganisha na mwanzo?" uwape majibu ya kuchagua: kavu zaidi, vilevile, laini zaidi. Haya ya sasa usiyaweke kwenye tangazo.

Mchanganyaji: Nyongeza kidogo: mimi nina daftari, kila dai ukurasa wake, na ushahidi nimeubandika pembeni. Ukurasa ukiwa mtupu, dai halitoki.

Nzuri sana. Mimi naongeza tarehe na toleo la fomula, kwa sababu ukibadilisha kiasi cha gliserini ushahidi wa zamani hauhusu tena.

Binti_Shea: Losheni yangu inaitwa "Tiba ya Ngozi". Lebo 200 zimeshachapwa.

Pole dada. Jina ni dai, na hili ndilo linalosomwa la kwanza. Usizibandike hizo lebo. Nitumie fomula yako, tutafute jina linalotokana na kilichomo ndani.