Somo: Kurekebisha PDF, namba ikiwa kwenye picha na ikiwa kwenye maandishi

Kazi hii hufika sana kwenye stesheneri za hapa Arusha. Kampuni ya utalii inaleta karatasi ya bei ya safari ya Tarangire na Ngorongoro ikiwa PDF. Wanataka vitu viwili: bei itoke dola 980 iwe 1,175, na namba ya simu iliyo juu, kwenye bango lenye picha ya Mlima Meru, ibadilishwe. Kwa macho yote mawili ni maandishi, lakini ndani ya faili ni vitu tofauti kabisa, na kila kimoja kina njia yake.

Hatua ya 1: Tambua kwanza

Pitisha kipanya juu ya bei. Ikikubali kuchaguliwa herufi kwa herufi, ni maandishi. Fanya hivyo kwenye namba ya simu. Ikichaguka bango zima au isichaguke chochote, namba imo ndani ya picha. Kisha kuza ukurasa hadi asilimia 800. Herufi za kweli hubaki na kingo safi, za kwenye picha hugeuka vijisanduku na ukungu.

Wenye Linux, pakiti ya poppler-utils inakupa jibu la uhakika:

```
pdfimages -list bei.pdf
pdffonts bei.pdf
```

Amri ya kwanza ilionyesha picha moja, pikseli 1240 kwa 300, kwenye 150 ppi, yaani pikseli 150 kwa kila inchi. Gawanya 1240 kwa 150 unapata kama inchi 8.27, yaani upana wote wa A4. Hilo ndilo bango letu.

Hatua ya 2: Namba iliyo kwenye picha

Itoe picha yenyewe. Usipige picha ya skrini, maana utapoteza ubora wake.

```
pdfimages -all bei.pdf picha
```

Fungua picha-000.jpg kwenye GIMP. Chukua rangi ya mandhari kwa Color Picker, funika namba ya zamani, andika mpya juu yake. Funika eneo pana kidogo kuliko herufi, kwa sababu JPEG huacha madoadoa hafifu kuzizunguka, na yakibaki mteja atayaona kwenye karatasi iliyochapwa. Usibadilishe vipimo, vibaki 1240 kwa 300. Hifadhi kama PNG ili picha isipoteze ubora kwa kuhifadhiwa tena kama JPEG.

Sasa fungua PDF kwenye LibreOffice Draw, bofya bango kwa kitufe cha kulia, chagua Replace. Bonyeza F4 kabla na baada, ulinganishe ukubwa na mahali lilipo.

Hatua ya 3: Bei iliyo kwenye maandishi

Humo humo kwenye Draw, bofya mara mbili mstari wa bei na uandike. Kinachosumbua hapa ni fonti. Kwenye pdffonts utaona jina kama `BAAAAA+Carlito`. Herufi sita na alama ya kujumlisha maana yake PDF imebeba zile herufi zilizotumika tu, si fonti nzima. Kama 7 haikuwahi kuandikwa kwenye waraka, haimo, na programu italazimika kuiazima kwenye fonti nyingine. Matokeo yake 7 inakaa nene au nyembamba kuliko wenzake. Weka fonti kamili kwenye kompyuta kabla ya kufungua faili. Kwa waraka wa Calibri, Carlito inafaa kwa sababu upana wa herufi zake ni uleule.

Ukimaliza, Export as PDF kwa jina jipya, halafu rudia jaribio la kipanya.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Moshi:* Mwalimu, shikamoo. Nina waraka ulioskaniwa, maandishi yanachaguka vizuri, lakini nikibadilisha neno, la zamani bado linaonekana.

Marahaba. Huo umepitishwa OCR. Unachokiona ni picha ya ukurasa mzima, na unachokichagua ni maandishi yasiyoonekana yaliyowekwa pamoja nayo. Ukiona GlyphLessFont kwenye pdffonts, ni kazi ya Tesseract, programu ya OCR. Shughulikia picha kwanza, kisha fanya OCR upya, la sivyo mtu akitafuta neno atapata la zamani.

*Mwanachama, Arusha:* Kwa nini nisiweke kisanduku cheupe juu ya bei ya zamani, niandike mpya? Ni haraka.

Kwa sababu 980 inabaki chini yake. Mteja akinakili ukurasa kwenda Word au barua pepe, bei zote mbili zinatoka pamoja. Futa maandishi yenyewe.

*Mwanachama, Usa River:* Kaka, aya ndefu kwenye Draw inakatika mstari mmoja mmoja. Nifanyeje?

Ni kawaida: PDF mara nyingi huhifadhi mahali pa kila mstari, aya haiijui. Chagua mistari yote, jaribu Consolidate Text kwenye menyu ya Shape. Ikiwa ni zaidi ya aya moja au mbili, mwombe mteja faili la Word.