Simu imefurika arifa: namna ya kuipangua bila kumpoteza anayekusubiri

Msimu wa korosho ukianza, kwenye kibanda changu cha kutengeneza simu hapa karibu na stendi ya Mkanaledi, Mtwara mjini, huwa naletewa simu zilizolala muda mrefu. Moja nikishaitengeneza, nikiiwasha tu, inatetemeka mezani mpaka inasogea yenyewe. Mwenye simu hapo ana mawili. Ama anabonyeza `Clear all` na kwenda zake, ama anaanza kufungua moja moja kutoka juu, anachoka akiwa katikati ya grupu la harusi, na yule aliyemwandikia jambo la maana anabaki chini kabisa.

Nitaeleza ninavyofanya mimi kwa kutumia simu ya dada mmoja, karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, vijijini huko. Simu yake iliingia maji ya bahari Msimbati. Kifaa cha mfumo wa chaji kikasubiriwa kutoka Dar, na siku 12 zikapita huku laini ikiwa humo humo ndani. Ni Android ya kawaida kama hizi tunazotumia wengi.

Hatua ya 1: Washa simu, data usiwashe

Acha data na Wi-Fi zimezimwa. Angalia kwanza kama tarehe na saa ni sahihi, maana simu iliyokaa bila chaji siku nyingi wakati mwingine hurudi na tarehe ya ajabu. Kisha washa "Usinisumbue" ili kelele zikome. Ujumbe utaendelea kuingia kama kawaida, ila simu haitalia.

Sababu ya kuzima data ni kwamba SMS na taarifa za waliopiga zitaingia peke yake, bila kuzikwa na WhatsApp. Simu ya yule dada ilitulia baada ya kama dakika tano ikiwa na SMS 46.

Hatua ya 2: Maliza SMS

Usizisomee kwenye arifa, kwa sababu arifa zinabanana na kukunjwa. Fungua programu yenyewe ya ujumbe. Kati ya zile 46, 27 zilikuwa matangazo ya bando na bahati nasibu. Hizo unazitambua kwa jina la mtumaji bila hata kufungua. Tisa zilikuwa za pesa, nne za kumjulisha namba zilizompigia simu ikiwa imezimwa, na sita tu ndizo zilizoandikwa na watu.

Zile nne usizidharau. Orodha ya simu iliyomo kwenye kifaa haina habari na mtu aliyekupigia wakati simu imezima. Kama mtandao wako unatuma SMS ya aina hiyo, ndiyo kumbukumbu pekee uliyo nayo. Andika namba pembeni.

Za pesa ninazo kanuni zangu: sizisomi ili kujua kilichoingia, naangalia salio na taarifa fupi ya miamala kwenye menyu ya mtandao, mfano `*150*00#` kwa M-Pesa au `*150*60#` kwa Airtel Money. Kwenye SMS hizi za pesa ndimo wezi wanamojificha. Mtu mwenye ujumbe mia hana utulivu, akikuta "ile hela tuma kwenye namba hii" anaweza akadhani ni mazungumzo aliyoyaacha njiani. Yule dada alikuwa nayo moja, kutoka namba ya kawaida kabisa. Tuliituma kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli, kisha tukaifuta.

Sasa hizo sita za watu. Hapa ndipo nakuomba usiwe na haraka.

Mojawapo ilikuwa ya mjomba wake wa Newala: "Wapima mipaka wanakuja kesho saa 3 asubuhi, usikose." Ilikuwa na saa ya leo, dakika chache zilizopita. Dada akaanza kuhesabu nauli ya alfajiri. Nikamwambia asubiri. Nikabonyeza ule ujumbe kwa muda, nikagusa vidoti vitatu, nikachagua `View details`. Programu ya Google Messages hapo inaonyesha mistari miwili, `Sent` na `Received`. Kupokelewa ni leo, ila kutumwa ni juzi. Hiyo "kesho" ya mjomba ilikuwa jana.

"Kaka fundi, kwa hiyo wamekuja, sikuwepo!"

"Mpigie sasa hivi, dada. Hayo mengine yatasubiri."

Kwa hiyo kila SMS yenye neno leo, kesho, jioni au saa fulani, ifungulie maelezo uone ilitumwa lini. SMS iliyokuwa imekwama kwenye mtandao ikishaingia, programu nyingi huipanga kwa saa ya kupokelewa, na hapo ndipo mtu hupotea.

Kuna jambo jingine gumu zaidi. SMS haisubiri milele. Mtandao huishikilia kwa muda tu, simu isipopatikana inaachwa. Maana yake SMS za siku zake za mwanzo hazikuwemo kabisa kwenye zile 46, na hakuna mahali pa kuzitafuta. Dawa ni kujiuliza: katika watu wangu, nani hana WhatsApp na huwa ananiandikia SMS? Yeye akataja wawili, mama yake na mzee mmoja mkulima. Akawapigia wote. Mzee kumbe alikuwa ameandika siku ya tatu kwamba kwenye orodha ya malipo namba yake ya akaunti ya benki imekosewa tarakimu moja. SMS hiyo haikuwahi kufika. Na kama laini yako ulikuwa umeiweka kwenye kitochi wakati simu iko kwa fundi, kiangalie na kitochi hicho. SMS ziliishia humo.

Kabla hujatoka, pitia folda ya `Spam & blocked`. Namba ngeni iliyotuma jambo la kweli wakati mwingine hutupwa humo.

Hatua ya 3: Funga mlango wa picha, ndipo uwashe data

WhatsApp inafunguka hata bila data. Nenda `Settings`, kisha `Storage and data`, na chini ya `Media auto-download` ondoa tiki zote za picha, sauti, video na nyaraka. Usipofanya hivi, video za siku 12 za magrupu zitamaliza bando lako na kujaza simu kabla hujasoma hata salamu moja.

Sasa washa data, weka simu mezani, usiiguse. WhatsApp huhifadhi ujumbe ambao haujafika hadi siku 30, kwa hiyo kwa siku 12 vyote vitakuja. Ila vinakuja kwa mafungu, na mpangilio wa orodha unabadilika kila fungu likiingia. Ukianza kusoma mapema utakuwa unakimbizana nao. Mimi nasubiri robo saa. Ya dada ilisimama kwenye ujumbe 2,316 katika mazungumzo 41.

Hapo sasa telezesha chini, bonyeza `Clear all` bila woga. Arifa siyo ujumbe. Ukifuta arifa umeondoa kengele tu, barua bado iko ndani ya WhatsApp na namba ya kijani iko pale pale.

Hatua ya 4: Watu kwanza, wote

Gusa kichujio cha `Unread` juu ya orodha. Kati ya mazungumzo 41, watu binafsi walikuwa 29 na magrupu 12. Magrupu yaruke yote. Fungua watu, na ufungue kila mmoja, hata anayeonekana hana neno.

Nasisitiza kwa sababu orodha inakuonyesha mstari wa mwisho tu. Mtu anauliza jambo, asipojibiwa anaandika "haya basi", siku ya pili anatuma "asubuhi njema". Wewe unaona "asubuhi njema", unapita. Mwalimu wa darasa la mtoto wa dada alikuwa hivyo hivyo. Mstari wa mwisho ulikuwa "Asante mama", na juu yake kulikuwa na ujumbe wa sauti wa dakika mbili kuhusu mtoto ambaye haoni ubaoni na anatakiwa kupelekwa kupimwa macho. Sauti zisikilize kwa kasi ya 1.5x, inatosha kuelewa.

Usijibu kila mtu wakati unasoma. Linalohitaji jibu refu, rudi kwenye orodha, libonyeze kwa muda, chagua `Mark as unread`. Litabaki na alama ya kijani. Mtumaji lakini ameshaona tiki za bluu kama unazitumia, hilo halirudi nyuma. Matatu yaliyo mazito zaidi unaweza kuyabandika juu kwa alama ya pini.

Halafu shuka kwenye `Archived`. Mazungumzo uliyoyahifadhi humo hubaki humo hata yakipata ujumbe mpya, na wengi wamesahau kabisa kwamba kuna wazee wa ukoo waliowaweka huko. Angalia pia ukurasa wa `Calls` kwa waliopiga kupitia WhatsApp.

Hatua ya 5: Magrupu usiyasome, yatafute

Grupu ambalo mtu amekutaja kwa alama huonyesha `@` pembeni ya ile namba. Fungua hilo, gusa `@` iliyoko chini kulia, litakupeleka mpaka ulipotajwa.

Shida ni kwamba huku kwetu wachache wanatumia alama hiyo. Mtu anaandika tu "mama Zai". Kwa hiyo nenda kwenye kisanduku cha kutafuta juu ya orodha nzima, andika jina lako jinsi watu wanavyokuita, si lililoko kwenye kitambulisho. Dada alitafuta majina matatu: lake, la mwanawe lenye "mama" mbele, na neno "karani". Hilo la tatu ndilo lililozaa. Kwenye grupu la AMCOS mwenyekiti alikuwa amebandika kumbukumbu namba ya malipo yenye tarakimu 12, na chini yake: "karani alipie kabla ya Ijumaa." Ilikuwa Alhamisi, saa 11 jioni.

Kutafuta hakusikii sauti wala hakusomi picha ya barua. Kwa hiyo grupu moja au mawili ya kazi, yapitie kwa macho kuanzia mwanzo wa ujumbe usiosomwa, ukitazama sauti na nyaraka tu. Mengine yote, bonyeza moja kwa muda, vidoti vitatu, `Select all`, kisha `Mark as read`. Kabla ya hapo hakikisha yale uliyoyarudishia alama ya kijani umeyaandika kwenye karatasi, kwa sababu nayo yatafutika alama.

Karatasi ya dada ilikuwa na mistari mitano: mjomba, mzee wa akaunti, mwalimu, kumbukumbu namba, na namba moja ngeni iliyompigia mara tatu. Tulitumia kama dakika hamsini. Malipo aliyafanya akiwa bado amekaa kwenye benchi langu. Mjomba alisema wapima mipaka walikuta mvua, wamesogeza mpaka Jumatatu.

Ile namba ngeni ilikuwa ya kijana wa basi aliyeleta kifaa changu kutoka Dar, akitafuta wa kumkabidhi.