Bomba kwenye spana ya tairi: pima urefu kwanza

Wanaobadilisha tairi njiani, mfano kati ya Dodoma na Manyoni, wengi huchomeka bomba kwenye spana kisha wanakaza kwa nguvu zote. Pima kwanza urefu kutoka katikati ya nati hadi mkono unaposhika, kwa sababu ukazo ni nguvu mara urefu huo. Nati za gari dogo nyingi hutaka niutoni-mita 100 hivi (hakikisha kwenye kitabu cha gari lako). Uzito wa kilo moja ni niutoni 10 hivi, kwa hiyo kwa mpini wa sentimita 25, inabidi usukume kwa uzito wa kilo 40. Ukiongeza bomba hadi sentimita 50, kilo 20 zinatosha. Ukifika mita 1, ni kilo 10 tu, karibu sawa na kuinua ndoo ya lita kumi ya maji. Sasa mtu wa kilo 70 akisimama kwenye bomba la mita 1 anakaza mara saba ya kinachotakiwa! Bolti inavutika na nyuzi zinaharibika. Ukihisi nati inazunguka laini badala ya kuzidi kuwa ngumu, acha hapo hapo, bolti imeshaanza kuvutika.

Kwa hiyo bomba refu ni la kufungulia. Kukaza, shika karibu na nati, kisha sukuma kwa pembe mraba na mpini, maana ukisukuma kwa mshazari hesabu inapotea. Inapotea pia nyuzi zikiwa na oili: nguvu ile ile inavuta bolti zaidi. Ukifika Bahi, simama ukague nati tena.