SOMO: Umeapishwa uwakili, unafungua ofisi Mwanza. Ujulikane kwa lipi?

Swali hili linaulizwa kila baada ya sherehe ya kuapishwa mawakili, kwa hiyo naliandika mara moja. Mfano ni sheria ya kazi. Ukichagua mirathi au ardhi, njia ni ileile.

1. Leseni, TIN, leseni ya biashara, mhuri. Hayo unayajua.

2. Chagua eneo la sheria ambalo shida yake inajirudia mahali ulipo. Nyakato kuna viwanda, Capri Point kuna mahoteli, Buhongwa na Igoma shule binafsi zimejaa. Wote hao wanaajiri na kuachisha kazi mwaka mzima.

3. Chagua upande. Mfanyakazi aliyefukuzwa anakuja mara moja, mfuko ukiwa mtupu. Mwajiri mwenye watu 10 hadi 40 hana mwanasheria wa kudumu, na atarudi. Hakuna upande wenye heshima zaidi, ila huwezi kumshtaki leo mwajiri uliyemwandikia mikataba jana.

4. Sasa punguza mpaka libaki swali moja. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Wanaandika kwenye kibao "ardhi, mirathi, ndoa, jinai, kampuni, kazi", na mpita njia habaki na kitu kichwani. Hata "wakili wa kazi" bado ni pana. Chukua swali ambalo mwajiri anajiuliza usiku kabla hajakosea: "Nimemkamata mtu anaiba, nimfukuze vipi?"

Tuseme mwenye hoteli amemkuta mpishi akitoa nyama stoo, akamwandikia ujumbe wa simu: "Usije kesho." Sababu anayo, utaratibu hana, na kwa hilo peke yake mpishi anaweza kushinda CMA. Kanuni za utendaji bora za 2007 (GN 42) zinataka mfanyakazi apewe muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida haupungui saa 48 kabla ya kikao cha nidhamu. Barua ya wito ikimfikia Jumatatu saa 9 alasiri, kikao kisianze kabla ya Jumatano saa 9 alasiri. Barua iseme tuhuma yenyewe (nyama ipi, siku gani), mahali na saa, na kwamba anaweza kuja na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Mwenyekiti awe kiongozi ambaye hakuhusika na tukio, kwa hiyo meneja aliyemkamata anakuja kama shahidi tu. Mpishi asaini kwamba ameipokea, na aandike saa.

Ukiweza kulieleza hilo kwa dakika tano kwa Kiswahili cha kawaida, tayari una jina: wakili wa saa 48.

5. Lieneze kwa kufundisha. Onyo: kanuni za maadili ya mawakili za 2018 zimebana sana matangazo. Usiandike "bora Kanda ya Ziwa", usihesabu kesi ulizoshinda, usimtaje mteja, wala usimlipe mtu akuletee wateja. Kuwaeleza wamiliki wa shule jinsi kikao cha nidhamu kinavyoendeshwa ni elimu. Ukimalizia na "njooni kwangu, bei nafuu", umejitafutia malalamiko. Ukiwa na shaka na maneno yako, waonyeshe wakubwa wa TLS hapa Mwanza kabla hujayatoa.

MASWALI

Mdau 1: Mkuu, kwa hiyo niweke bango la picha yangu pale Kirumba?
Jibu: Soma namba 5.

Mdau 2: Si nitakufa njaa nikikataa kesi za ardhi?
Jibu: Sijaandika ukatae. Nimeandika ujulikane kwa lipi. Kesi ya ardhi ikija na unaiweza, ichukue. Usiiweke kwenye kibao.

Mdau 3: Shikamoo wakili. Nitajuaje kama jina limeshika?
Jibu: Marahaba, umeuliza la maana. Muombe mteja akuonyeshe alivyokusevu kwenye simu. "Wakili Nyakato" maana yake anakumbuka ofisi ilipo. "Wakili kufukuza kazi" maana yake anakumbuka kazi yako, na ndivyo atakavyokutaja kwa mwenzake. Sikiliza pia simu ya kwanza ya mtu mpya: akisema "nataka kumwachisha mtu, nianzie wapi", imeshika. Akisema "nimeshitakiwa CMA", bado wanakuona wa kuzima moto.

Mdau 4: Na mimi niliyechagua upande wa wafanyakazi?
Jibu: Vizuri sana, swali lako libebe siku 30. Huo ndio muda wa kupeleka CMA mgogoro wa kuachishwa kazi isivyo halali. Aliyeachishwa tarehe 3 Machi mwisho wake ni tarehe 2 Aprili. Wengi wanazimaliza siku hizo wakimbembeleza bosi, kisha wanalazimika kuomba kwanza waruhusiwe kufungua nje ya muda. Wafundishe kuhesabu tarehe hiyo tu.

Mdau 3: Nyongeza: barua ya wito ichapwe nakala mbili, ya ofisini ndiyo isainiwe.
Jibu: Sahihi. Na akikataa kusaini, shahidi aandike jina lake na saa ileile.